Maji Yanavuja: Kupanga Maombi ya Matengenezo na Kumweleza Mpangaji Atarajie Nini

Ujumbe wa maneno mawili tu, "maji yanavuja", unaweza kuwa dharura ya usiku huu, kazi ya kesho kutwa, au jambo la kusubiri hadi siku fundi atakapokuja kwa shughuli nyingine. Katika kazi yangu ya kusimamia nyumba za kupanga, huo ndio ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko mwingine wowote, na ndio ulionionyesha kwamba ombi la matengenezo halipangwi kwa kuangalia kifaa kilichoharibika wala kwa ukali wa maneno ya mpangaji. Hupangwa kwa kuuliza jambo likiachwa hadi kesho asubuhi kitaharibika nini, na ni nani atakayeumia.

Jibu la swali hilo huliweka ombi katika daraja moja kati ya matatu. Dharura ni jambo linaloweza kumdhuru mtu, linaloendelea kuharibu jengo saa hadi saa, au linaloifanya nyumba isikalike: harufu ya gesi, soketi inayotoa cheche au harufu ya kuungua, maji taka yanayorudi ndani, choo pekee cha nyumba kilichoziba, mlango wa nje usiofungika, au maji yanayomwagika bila njia ya kuyazuia. Daraja la siku chache ni la kero ya kweli ambayo mpangaji anaweza kuivumilia kwa muda kwa sababu ana njia nyingine, kama vile choo kimoja kuziba wakati kipo cha pili. Kazi ya kawaida ni ile ambayo wiki tatu za kusubiri hazitaibadilisha, mfano bawaba ya kabati iliyolegea au rangi iliyobanduka. Sheria na mkataba wa upangaji huenda vikaweka muda wa lazima kwa baadhi ya mambo hayo, na hapo msimamizi hana hiari, hivyo ni vyema avisome kabla ya kujitungia utaratibu wake.

Ugumu hauko katika kuyajua madaraja, bali katika kulipima ombi ukiwa mbali, kwa simu, huku mpangaji akiwa na wasiwasi. Mimi huanza na umeme: je, maji yako karibu na taa, soketi au swichi? Kisha huuliza kama yanaweza kuzuiwa kwa kufunga koki, kwa sababu maji yaliyozuiwa yamekwisha kushuka daraja hata kabla fundi hajafika. Baada ya hapo huuliza kama yanavuja muda wote au pale tu mtu anapooga, anapoosha vyombo au anapovuta maji ya choo. Swali hili ndilo ninalolithamini kuliko mengine, kwa kuwa hutenganisha vyanzo viwili visivyofanana. Uvujaji usiokoma kwa kawaida hutokana na bomba la maji safi, ambalo lina shinikizo mchana na usiku, ilhali uvujaji unaokuja na kukoma kwa kawaida hutokana na bomba la kutolea maji machafu au kwenye maungio ya vigae. Mwisho huuliza ni nani wanaoishi humo, maana sakafu yenye utelezi katika nyumba ya mzee anayetembea kwa mkongojo haiwezi kupewa daraja moja na sakafu kama hiyo katika nyumba ya kijana mwenye afya.

Harufu ya gesi peke yake ndiyo isiyongoja maswali. Kabla ya jambo lolote mpangaji huambiwa asiwashe wala asizime taa, asiwashe kiberiti, afunge valvu ya mtungi ikiwa anaifikia bila hatari, afungue madirisha, atoke nje pamoja na wote waliomo, na apige simu akiwa huko nje.

Nitaeleza kisa kimoja kwa ukamilifu, kwa sababu ndani yake ombi lilipita madaraja yote matatu. Mama mmoja anayeishi ghorofa ya chini alinipigia simu jioni akisema dari la bafu lake lina doa linalokua na matone yameanza kudondoka. Nilipomuuliza kuhusu taa, alisema doa lilikuwa kiasi cha hatua moja kutoka kwenye taa ya dari. Hapo jambo likawa dharura bila mjadala. "Mama, naomba uende kwenye sanduku la umeme uzime swichi ya taa za upande huo, na mikono yako iwe mikavu," nilimwambia. "Kisha uweke ndoo chini ya matone, na usisimame chini ya sehemu ya dari iliyotuna." Dari lililonyonya maji huwa zito na linaweza kuanguka ghafla, na mtu anayeweka ndoo ndiye anayekuwa chini yake.

Hatua iliyofuata ilifanyika ghorofa ya juu. Nilimwomba mpangaji wa huko afunge mabomba yake yote, asitumie choo, asome namba za mita yake ya maji, kisha azisome tena baada ya nusu saa. Mita haikusogea hata kidogo, na hiyo ni dalili nzuri kwamba bomba la maji safi baada ya mita halikuwa linavuja. Nilimwomba pia asioge usiku huo, akakubali kwa moyo mkunjufu. Kabla ya kulala, mama wa chini alinieleza kwamba matone yamepungua na kukaribia kukoma. Kwa taarifa hizo mbili, ombi lilishuka kutoka dharura hadi daraja la siku chache, na sikuwa na sababu ya kumwita fundi bomba usiku wa manane, ambapo gharama yake huwa kubwa na mwanga wa kufanyia kazi ni hafifu. Swichi ya taa niliomba ibaki imezimwa hadi fundi umeme aikague, kwa sababu maji yaliyotulia juu ya dari hayaonekani kutoka chini.

Asubuhi fundi bomba alimimina maji kwa jagi moja kwa moja kwenye tundu la kutolea maji la bafu la juu, bila kulowesha vigae, na kwa muda mrefu hakuna tone lililoonekana chini. Alipolowesha pembe za sakafu, pale vigae vya ukutani vinapokutana na vya chini, matone yakaanza tena baada ya dakika chache. Kwa hiyo bomba la kutolea maji lilikuwa zima, na kilichochoka kilikuwa silikoni ya pembeni. Ilibidi ile ya zamani ikwanguliwe yote, pembe zikauke vizuri, ndipo mpya iwekwe na kuachwa ikomae kwa takriban saa 24 kabla ya kuguswa na maji. Rangi ya dari la chini ikawa kazi ya kawaida, tena ya kucheleweshwa kwa makusudi, kwani dari likipakwa rangi kabla halijakauka doa hurudi. Kukausha dari lenyewe, hata hivyo, hakukungoja: kuvu huweza kuanza kuota juu ya kitu kilicholowa ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo siku hiyohiyo madirisha yalifunguliwa na feni ikaelekezwa juu.

Wapangaji hawakuwa wanajua lolote kuhusu madaraja haya, wala hawakuhitaji kuyajua. Walichohitaji ni kuelezwa kitakachotokea. Ujumbe niliomwandikia mama wa chini usiku ule ulikuwa hivi: "Nimepokea taarifa ya dari la bafu. Chanzo kinaelekea kuwa bafu la juu, na jirani amekubali kutooga leo. Fundi bomba atafika kesho kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi kutafuta chanzo. Huenda asimalize kazi siku hiyo. Tafadhali usiwashe taa ya bafu hadi nitakapokuarifu. Matone yakiongezeka, dari likizidi kutuna au ukisikia harufu ya kuungua, nipigie simu saa yoyote. Nitakuandikia tena kesho kabla ya saa 10 jioni, hata kama kazi haijakamilika."

Ujumbe huo unatenganisha siku ya fundi kufika na siku ya kazi kwisha. Mpangaji anayeambiwa "fundi anakuja kesho" husikia "kesho itakuwa imetengenezwa", na fundi anapoondoka kwenda kutafuta kipuri, mpangaji huona ameongopewa hata kama kila mtu ametimiza wajibu wake. Aidha, ujumbe unamtajia dalili za kulirudisha ombi kwenye dharura. Dalili hizo naziona kuwa muhimu kuliko muda wenyewe, kwa sababu mpangaji ndiye aliyepo, na asipojua ni kitu gani kinabadilisha hali, atapiga simu kila saa kwa hofu au atanyamaza hata dari linapoelekea kuanguka.

Kuhusu muda, mimi huahidi hivi: dharura hujibiwa ndani ya saa moja na hatari huondolewa siku hiyohiyo, ingawa ukarabati kamili waweza kufuata baadaye, daraja la siku chache fundi hufika ndani ya siku tatu, kazi ya kawaida hufanyika ndani ya mwezi, na nyumba zote za jengo moja huwekwa siku moja ili fundi asiitwe kwa kila bawaba. Siandiki kamwe "haraka iwezekanavyo", kwa kuwa maneno hayo hayampi mpangaji siku ya kumngoja fundi wala siku ya kuulizia.

Ahadi ya kazi za kawaida ndiyo huvunjwa kwa urahisi zaidi, na madhara yake hurudi kwenye madaraja ya juu. Wapangaji wakiona kwamba ombi dogo halifanyiwi kazi, huanza kuliita kila jambo dharura, na mimi siwezi kuwalaumu, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki ya kusikilizwa. Kwa sababu hiyo siku ya kazi za kawaida siiahirishi bila kuwaandikia wote siku mpya. Kuna pia maombi yanayoonekana madogo ambayo siyaachi yafike huko: bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku, na anayelipia maji hayo mara nyingi ni mpangaji, kwa hiyo naliweka katika siku chache japo kipuri chake ni kipande kidogo cha mpira.

Ombi silifungi kwa neno la fundi. Katika kisa cha bafu lile, silikoni ilipokomaa nilimwomba mpangaji wa juu aoge kama kawaida kwa siku kadhaa, na mama wa chini aangalie dari kila baada ya jirani kuoga, kisha wote wawili waniandikie. Fundi umeme alikagua taa na kuiruhusu iwashwe. Dari lilikuwa kavu, ndipo nikaandika tarehe ya kufunga ombi la uvujaji na kufungua jingine la rangi, likiwa na siku yake.