Picha ipo, sauti haipo

"Wakuu, niko Igoma, Mwanza. Nimeunganisha kompyuta yenye Windows 10 kwenye runinga kwa waya wa HDMI. Picha safi, ila sauti inatokea kwenye kompyuta. Waya mbovu?"

Ndugu, usikimbilie kununua waya mwingine. HDMI hupitisha picha na sauti pamoja. Kama picha ni safi, mara nyingi ni Windows tu ambayo bado inapeleka sauti kwenye spika za kompyuta. Runinga ikiwa imewashwa, bonyeza alama ya spika chini kulia, kisha bonyeza jina la spika linalotokea. Orodha itafunguka, chagua jina la runinga yako.

Jina halimo? Bonyeza Windows na R pamoja, andika hivi, halafu Enter:

```
mmsys.cpl
```

Kwenye Playback, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu, uweke tiki Show Disabled Devices. Runinga ikijitokeza, ibonyeze vivyo hivyo, chagua Enable, kisha Set Default.

Sasa bonyeza tena jina la runinga kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Test, na utazame vistari vya kijani pembeni ya jina. Vikicheza huku runinga iko kimya, kompyuta imemaliza kazi yake: angalia sauti ya runinga yenyewe, au kama imepangwa kutolea sauti kwenye spika za nje. Runinga ikisikika ila filamu iko kimya, funga programu ya filamu uifungue upya, maana nyingine hung'ang'ania spika ya mwanzo.