Mteja kabadili mawazo tena: maswali yenu kuhusu mandharinyuma

Maswali ya safari hii yote ni ya Photoshop, na karibu yote yanatoka kwa watu waliochoshwa na neno "hebu tujaribu nyingine". Anayetumia Mac, palipo na Ctrl abonyeze Cmd, na palipo na Alt abonyeze Option.

Kila mteja akibadili mandharinyuma naanza upya kumkata mtu. Nakosea wapi?

Sijaiona faili yako, ila naweza kubahatisha: ama unatumia kifutio, ama unamkata mtu, unambandika kwenye leya mpya, kisha unaitupa leya ya mwanzo. Mimi nilifanya hivyo miaka mingi, hadi mteja mmoja aliporudi kuomba ukuta wa awali, ule ule tuliopigia picha. Nilikuwa nimeshaufuta na kuhifadhi juu yake.

Tuchukue kazi moja. Mwanamke mwenye nywele za msokoto amesimama mbele ya ukuta wa kijivu hafifu, picha ya pikseli 4000 kwa 6000. Mteja anataka nyuma pawe bluu iliyokoza, na wewe unajua atabadilika tu. Kabla hujagusa chochote, bofya kulia kwenye leya ya picha na uchague Convert to Smart Object. Kuanzia hapo picha halisi imefungwa ndani ya boksi: ukiipunguza leo na kuikuza kesho inarudi na pikseli zake zote.

Sasa bonyeza Ctrl+G ili boksi liingie kwenye kundi, na kundi ulipe jina MTU. Mchague mwanamke kwa Select Subject, uende Select and Mask ukashughulikie nywele, na kwenye Output To uweke Selection. Hatua inayofuata ndiyo wengi wanaikosea: bofya kundi lenyewe, si leya ya picha, ndipo ubonyeze alama ya kuongeza maski. Maski ikae juu ya kundi. Ndani ya kundi picha iko nzima na ukuta wa kijivu umo. Maski ndiyo inayouficha. Ukiongeza leya ya kusafisha ngozi au ya kurekebisha rangi humo ndani, inakatwa na maski ile ile bila wewe kuhangaika.

Chini ya MTU weka leya ya Solid Color yenye bluu. Mteja akisema imekoza mno, bofya mara mbili kijipicha chake, chagua bluu nyingine, basi.

Mpangilio huu una kasoro moja nisiyotaka uigundue usiku wa kukabidhi kazi. Boksi linalinda picha, lakini maski iliyo nje yake ni pikseli za kawaida. Ukilipunguza kundi, ukalikuza, ukalizungusha, kila mara kingo za maski zinalegea kidogo, na nywele ndizo zinazoonyesha kwanza. Kwa hiyo kama mtu atahamahama, lichague kundi zima la MTU na uligeuze nalo kuwa Smart Object kabla ya kulisogeza. Maski inaingia ndani na kusalimika, na ukitaka kuigusa unabofya boksi mara mbili. Vilevile usitumie Ctrl+T kwenye picha peke yake wakati maski iko kwenye kundi. Picha itasogea, maski itabaki ilipo, na utaona bega limekatwa na ukuta umechungulia upande wa pili.

Nimeweka Curves ndani ya kundi la mtu ili nimng'arishe yeye tu, lakini mandharinyuma nayo inang'aa. Kwa nini?

Angalia neno lililo juu ya paneli ya Layers ukiwa umebofya kundi. Bila shaka limeandikwa Pass Through, maana ndivyo kila kundi jipya linavyozaliwa. Maana yake ni kwamba kundi ni folda tu ya kupangia vitu. Leya ya marekebisho iliyo ndani inaendelea kushuka hadi chini kabisa na kugusa kila inachokikuta. Badilisha neno hilo liwe Normal. Hapo kundi linageuka chumba chenye sakafu, na Curves inaishia kwenye vilivyomo humo.

Nina hakika pia kwamba maski yako iko kwenye leya ya picha. Ingekuwa kwenye kundi usingeliona tatizo hili, kwa sababu athari ya kundi zima, pamoja na Curves, ingebanwa kwenye umbo la mtu.

Ila ukiweka Normal, kitoe kivuli humo. Kama umekichukua kivuli kutoka kwenye picha ya awali na kukiweka Multiply, ndani ya kundi la Normal hakioni mandharinyuma ya chini, kwa hiyo ule weupe unaokizunguka unatokea kama doa. Kivuli nakipa leya yake kati ya MTU na mandharinyuma.

Replace Contents inaniletea picha mpya ikiwa kubwa mno au ndogo mno. Kuna njia ya kuizuia?

Boksi linakumbuka kipimo ulichokwisha kulipa, tuseme asilimia 50, na linakipachika hicho hicho kwenye picha inayoingia. Picha ya zamani ilikuwa na upana wa pikseli 8000, kwa hiyo ilionekana 4000. Mpya ina 3000, itaonekana 1500. Hakuna kilichoharibika, hesabu tu ndiyo inayokuumiza.

Mimi Replace Contents naitumia pale picha mpya ina vipimo sawa na ya zamani, mathalani fremu nyingine ya upigaji ule ule. Kwa mandharinyuma zinazotoka huku na huku nafungua boksi kwa kubofya kijipicha mara mbili, naingiza picha mpya humo ndani kwa Place Embedded, naikuza hadi ijaze, kisha Ctrl+S na kufunga. Ukubwa wa karatasi ya ndani haujabadilika, kwa hiyo nje kila kitu kinabaki mahali pake. Kama nje uliweka Gaussian Blur ya pikseli 12 ili nyuma pafifie, inaiangukia picha mpya yenyewe, kwa sababu kichujio kimeshikamana na boksi. Ukiona ukungu umezidi, bofya mara mbili jina lake chini ya leya uandike namba nyingine.

Kuna mtego hapa. Kama boksi lilizaliwa kwa kuingiza JPEG moja kwa moja, ndani yake mna JPEG, na JPEG haibebi leya. Ukiongeza picha ya pili ndani na kubonyeza Ctrl+S, Photoshop itakufungulia kidirisha cha kuhifadhi mahali pengine. Utakubali, utarudi nje, na hutaona mabadiliko yoyote, kwa kuwa umehifadhi nakala pembeni wala si ndani ya boksi. Dawa ni kubofya kulia kwenye boksi na kuchagua Convert to Smart Object mara ya pili. Sasa JPEG iko ndani ya boksi lililo ndani ya boksi, na la nje linafunguka kama faili ya .psb, inayobeba leya kadiri utakavyo. Kila mara kitambue kichupo kilichofunguka: kikiishia na .jpg, rudi nyuma kwanza.

Nywele zinabaki na ukungu mweupe nikiweka nyuma nyeusi. Nimetumia Decontaminate Colors, ikasaidia, lakini nilipoweka nyuma ya kijani zikaonekana mbaya.

Decontaminate Colors inapaka upya pikseli za ukingoni, ndiyo maana inakulazimisha utoe leya mpya. Kilichopakwa kimepakwa. Marekebisho yaliyofaa kwenye nyeusi unayabeba hadi kwenye kijani, na huwezi kuyapunguza.

Kwa yule mwanamke wetu, ukuta wa kijivu hafifu ulikuwa umepenya katikati ya misokoto. Nywele ni nyeusi, uchafu ni mwangavu, na tofauti hiyo ndiyo tunayoitumia. Ndani ya MTU, juu ya picha, ongeza leya ya Curves. Shika ncha ya juu kulia na uishushe hadi karibu nusu: maeneo mangavu yanazama, na meusi hayaguswi sana. Uso nao utazama, usishtuke. Bofya maski ya Curves, bonyeza Ctrl+I igeuke nyeusi, kisha chukua brashi laini nyeupe ya asilimia 30 na upitie ukingo wa nywele taratibu. Huna haja ya kuogopa kuvuka nje, kwani maski ya kundi imeshakata.

Ukungu ukiwa na rangi, kwa mfano ukuta ungekuwa mwekundu, Curves peke yake haitoshi. Ongeza leya tupu yenye hali ya Color, shikilia Alt uchukue rangi ya nywele hatua chache ndani ya ukingo, halafu upake kwa wepesi ule ule.

Leya hizi nazipa jina la mandharinyuma zake: kingo-nyeusi, kingo-kijani. Nyuma nyeusi inataka ukingo uzamishwe sana. Nyuma angavu huenda isihitaji hata kidogo. Unazima moja na kuwasha nyingine.

Nilinakili Smart Object kwa Ctrl+J, nikabadili nakala, na ya kwanza ikabadilika pia.

Ctrl+J imekupa madirisha mawili yanayotazama chumba kimoja. Ukitaka chumba kipya, bofya kulia uchague New Smart Object via Copy. Usiichukie Ctrl+J lakini. Picha moja ikirudiwa mara sita kwenye kazi moja, unabadili moja na zote zinafuata.

Nataka kumwonyesha mteja matoleo matatu. Nitengeneze faili tatu?

Hapana, maana akisema pua ing'arishwe utaing'arisha mara tatu. Fungua Window kisha Layer Comps. Washa bluu pamoja na kingo zake na kivuli chake, ongeza komp mpya uiite bluu. Washa msitu na vya kwake, uiite msitu. Endelea hivyo, na mwisho uende File, Export, Layer Comps to Files. Picha tatu zinatoka kwa mkupuo.

Chunga kitu kimoja. Komp ya nje inakumbuka leya za nje zipi zimewashwa, lakini haijui leya zipi umezima ndani ya boksi. Kwa hiyo mandharinyuma unazotaka kuzilinganisha ziache nje, kila moja na boksi lake. Kuzifungia zote ndani ya boksi moja kunafaa pale mteja ameshaikataa ya kwanza na ya pili, nawe hutaki kuzitupa kwa sababu unamjua.