Slaidi 40 na watu wasipotee

"Nina slaidi 40 za mkutano wa wavuvi hapa Lamu, watu wanapotea katikati, nifanyeje?"

Ndugu, weka ajenda ya mada nne tu, samaki, nyavu, soko, mikopo, alafu ikopi mwanzo wa kila sehemu, mada mnayoingia iwe nyeusi imekoza na zingine kijivu, hata aliyetoka kuswali akirudi anajua mmefika wapi. Kijivu kisiwe hafifu sana, mchana projekta inakimeza.

Alama ya juu ya slaidi inayoonyesha mko mada gani usiipachike slaidi moja moja, kurekebisha utachoka. Kwenye PowerPoint ingia View > Slide Master, kopi leiauti mara nne, kila moja iandike mada yake, rudi uchague slaidi za mada hiyo zote uzipe Layout yake. Ukihamisha slaidi kwenda mada nyingine, badilisha na Layout.

Na "12/40" usiandike kwa mkono, PowerPoint namba ya slaidi inahesabu yenyewe lakini jumla haiweki, ukifuta mbili tu ishakuwa uongo.