Skrinshoti imetoka kubwa? Acha kuipunguza kwanza

Wadogo zangu mnaoandika miongozo, wiki hii nimeona tena mtu anafungua skrinshoti, anaona ni kubwa mno, anaipunguza nusu halafu anaseva juu ya ile ile. Jamani, hapana.

1. Jua kwanza skrini yako inafanya nini. Skeli ikiwa 200%, dirisha ambalo mfumo unalihesabu 800 kwa 600 linachorwa kwa pikseli 1600 kwa 1200, na skrinshoti inazibeba zote. Ukiiweka kwenye ukurasa bila kutaja upana, kivinjari kinaipa nafasi ya 1600, ndo maana inatoka mara mbili ya dirisha lenyewe. Picha haina kosa, taja upana tu:

```
<img src="dirisha.png" width="800">
```

Skeli ya 150% ni hesabu ile ile, pikseli 1200 unazionyesha kwa 800.

2. Orijino haiguswi. Hili liliniumiza. Nilikuwa na skrinshoti 40 za mwongozo, zote kubwa, nikazipunguza nusu kwa mkupuo mmoja na kuseva juu yake, kwenye monita yangu ya zamani yenye skeli 100% zikaonekana safi kabisa nikalala kwa amani. Kesho yake mkuu wangu akafungua kwenye skrini ya 200%, maandishi ya ukurasa yamenyooka kama wembe ila ndani ya picha herufi zote zina ukungu. Nikavuta karibu herufi moja, "l" ndogo, ule mstari mweusi wa pikseli moja ulikuwa umechanganywa na weupe wa pembeni ukawa kijivu, halafu skrini yake ikautandaza kila pikseli kwenye nne. Nikadhani nitazikuza tu zirudi, wapi! Kukuza kunabahatisha rangi za katikati, pikseli zilizotupwa hazirudi. Programu yenyewe ilikuwa imeshabadilishwa menyu, kwa hiyo nikapiga upya zote 40, data za mfano nikazijaza moja moja, siku mbili zikaisha hivyo. Mpaka leo nikiona mtu anaseva juu ya orijino moyo unanipasuka, nawaambieni kweli.

3. Kabla ya kupiga, weka zumu ya kivinjari 100% kisha andika `devicePixelRatio` kwenye konsoli. Ikijibu 2, uko kwenye 200%. Zumu ikiwa nyingine jibu linabadilika, usidanganyike.

4. Seva PNG. JPEG inaacha madoadoa pembeni ya herufi.

5. Picha iliyopigwa kwenye skeli 100% itakuwa na ukungu kidogo kwenye skrini ya 200%, huna dawa, kwa sababu pikseli za ziada hazikuwahi kuchorwa. Hamia kwenye skrini ya 200% upige upya.