Programu ya daftari inajifunga ikifunguliwa: usiifute kwanza

Swali: Kaka, habari za kazi. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na wateja wote wa mkopo nawaandika kwenye programu ya daftari kwenye simu. Tangu nirudi kutoka Ukara kuchukua mzigo, nikiigusa inaleta nembo yake tu, halafu inajifunga na kuandika "keeps stopping". Simu ni Android ya GB 32, nafasi iliyobaki ni MB 300. WhatsApp na nyingine zinafunguka. Fundi wa Makoroboi anasema niifute niipakue upya. Jirani yangu anasema betri ndiyo inaibana. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada, kwa leo usimsikilize yeyote kati yao. Dawa ya fundi inaweza kuifungua programu na papo hapo ikakupotezea madeni. Ya jirani haitaifungua, ingawa betri ina mkono wake kwenye habari hii, na nitaufikia.

Ujumbe wa "keeps stopping" unamaanisha programu inaanguka, na Android imeshaiona ikianguka zaidi ya mara moja. Kuganda ni jambo jingine. Programu iliyoganda inabaki kwenye skrini bila kusikia kidole, na ukiendelea kuigusa, baada ya sekunde 5 hivi Android inaleta "isn't responding" na kukuuliza uifunge au usubiri. Iliyoganda mara nyingi inahangaika na kazi nzito kwenye simu ndogo, na kuipa dakika moja kunaweza kutosha. Yako haigandi. Inaanguka, tena palepale baada ya nembo, na hapo ndipo programu za aina hii hufungua faili zake kusoma ulichoandika.

Ndiyo maana jicho langu limeenda moja kwa moja kwenye zile MB 300. Programu ya daftari haisomi tu inapofunguka, inaandika pia: faili za muda, alama ya mara ya mwisho ulipoingia, wakati mwingine picha ndogo za risiti. Ukiwa Ukara mtandao ukasumbua, ujumbe wa magrupu ya WhatsApp unakusubiri. Ukifika Nansio simu ikashika mnara vizuri, picha za siku zote zinashuka kwa mkupuo na nafasi inakwisha. Kama daftari lilikuwa linaandika faili dakika hiyohiyo, faili linabaki nusu. Kila ukifungua, programu inalikuta lilelile bovu na kuanguka tena, na kuzima simu na kuwasha hakulibadilishi kitu.

Basi anza na nafasi. Fungua WhatsApp, ingia Settings, kisha Storage and data, kisha Manage storage. Utaona magrupu yamepangwa kuanzia lililokula nafasi nyingi, na mara nyingi kikundi kimoja tu cha harusi kina GB nzima ya video. Futa video hizo, kisha rudi uone nafasi imefika wapi. Ningependa uwe na GB 2, kwa sababu utaihitaji tena tukifika kwenye kusasisha. Safisha pia tupio la programu ya picha. Picha uliyoifuta inaweza kukaa humo siku kadhaa ikiendelea kula nafasi yake.

Nafasi ikipatikana, gusa nembo ya daftari na kuishikilia, chagua App info, kisha bonyeza Force stop. Baada ya hapo ingia Storage & cache. Hapa nakuomba uende polepole, kwa sababu kuna vitufe viwili vinavyokaa jirani na kazi zake hazifanani hata kidogo. Clear cache inafuta kashe, yaani faili ambazo programu inaweza kuzitengeneza upya yenyewe. Hakuna deni linalokaa humo. Clear storage, ambayo simu nyingine huiandika Clear data, inafuta kila kitu cha programu hiyo ndani ya simu: akaunti, mipangilio na daftari lote. Kwenye simu nyingi kitufe cha kashe hufanya kazi mara moja bila kukuuliza. Kwa hiyo simu ikikuletea kisanduku cha kukuuliza kama una hakika, huenda umegusa kitufe kisicho chako. Bonyeza Cancel.

Futa kashe, zima simu, iwashe, fungua daftari. Kama faili bovu lilikuwa la kashe, utaingia. Ukiingia tu, kabla ya kuandika deni jipya hata moja, tafuta kwenye programu sehemu ya kutoa ripoti au kuhifadhi nakala, ujitumie nakala hiyo kwa barua pepe.

Ikianguka tena, nenda Play Store kwenye ukurasa wa daftari. Kama kitufe kinasema Update, bonyeza. Kusasisha hakugusi madeni, maana toleo jipya linakaa juu ya la zamani na kurithi faili zake. Kama kinasema Open, huna jipya la kupakua, ila usiondoke hapo bado. Fungua About this app uone tarehe ya Updated on, kisha soma maoni ya watumiaji ukiyapanga kwa Newest. Ukikuta watu wa juzi na jana wanalalamika kwamba haifunguki, kosa liko kwenye toleo lililotoka, na simu yako haina hatia. Hilo hutokea hasa toleo jipya linapobadilisha mpangilio wa faili la zamani likakwama katikati. Dawa yake ni kusubiri toleo la marekebisho. Kuna mafundi watakaokupa faili la toleo la zamani kwa Bluetooth. Android hairuhusu toleo la zamani kukaa juu ya jipya, kwa hiyo itabidi alifute lililopo kwanza, na hapo umerudi kwenye hatari ileile.

Ingekuwa programu kadhaa zinaanguka kwa pamoja, ningekupeleka kwingine: kusasisha Android System WebView na Chrome. WebView ni kipande cha mfumo ambacho programu nyingi hukitumia kuonyesha kurasa za mtandao ndani yake. Mwezi Machi 2021 hitilafu yake moja iliangusha programu nyingi duniani kwa siku moja, na watu walikuwa wanafuta programu zisizo na kosa lolote. Kwako nyingine zinafunguka, kwa hiyo tuliache.

Sasa betri. Ukiingia App info kisha Battery, kwenye Android nyingi za karibuni utaona chaguo tatu: Unrestricted, Optimized na Restricted. Hizo zinahusu programu ikiwa nyuma, wewe ukiwa kwenye kitu kingine au skrini imezimwa. Ukiigusa mwenyewe kuifungua, haibanwi na chaguo hizo, na ndiyo maana nasema jirani amekosea kuhusu kuanguka. Lakini fikiria ulivyofanya kazi Ukara. Mtandao haupo, unaandika madeni, programu inayaweka kwenye simu ikingoja kuyapeleka kwenye seva, yaani kompyuta za wenye programu. Unarudi Mwanza, mtandao upo, simu iko kwenye pochi. Kama iko Restricted, inaweza isipewe nafasi ya kuyapeleka mpaka uifungue, na sasa haifunguki. Kwa hiyo madeni ya zamani huenda yako salama kwenye seva, lakini yale ya Ukara yakawa yapo kwenye simu yako tu. Ukifuata ya fundi, hayo ndiyo utakayoyazika.

Kwa hiyo kabla ya kufuta programu, hakikisha kilichoko nje ya simu. Programu nyingi za daftari zinatumia namba ya simu kuingia. Piga kwanza huduma kwa wateja ya programu hiyo, namba au barua pepe iko kwenye ukurasa wake wa Play Store chini ya App support, uwaulize mambo mawili: deni la mwisho walilolipokea kutoka kwako ni la tarehe gani, na je, ukiingia kwenye simu nyingine, simu ya kwanza itatolewa? Kama haitatolewa, azima simu ya mtu unayemwamini, ingia na ujionee mwenyewe, kisha utoke. Ukiwapigia, wape pia toleo la programu, toleo la Android na saa ilipoanguka mara ya mwisho. Wao wanaweza kupata ripoti ya kuanguka huko na kuona ni mstari gani wa programu uliokosea, jambo ambalo mimi na fundi hatuwezi kuliona kutoka nje.

Usitegemee sana nakala ya Google. Ni kweli Android huhifadhi data za programu zinazoruhusu, mpaka MB 25 kwa kila programu, lakini kwa kawaida hungoja simu iwe imetulia na imeunganishwa Wi-Fi. Mtu anayeishi kwa bando anaweza kukaa miezi bila nakala hata moja kuondoka. Angalia Settings, kisha Google, kisha Backup: tarehe ya mwisho imeandikwa hapo. Ikiwa ni ya kabla ya safari, haina deni la Ukara hata moja.

Huduma kwa wateja wakisema deni la mwisho walilonalo ni la kabla ya Ukara, usifute. Kaa na karatasi, andika kila mteja wa safari ile unayemkumbuka. Pekua ujumbe wa malipo wa M-Pesa au Airtel Money, na uwapigie unaowatilia shaka, maana mteja wa dagaa anajua alichukua gunia ngapi. Wape waundaji wa programu siku chache watoe marekebisho. Wakishindwa, au wakithibitisha kwamba wanayo yote, hapo ndipo unafuta na kupakua upya.

Ukipakua, ingia kwa namba ileile, sio mpya, na uache programu wazi kwenye mtandao mpaka madeni yote yashuke kabla ya kuongeza jina lolote. Kisha ndani ya App info weka Battery kuwa Unrestricted, na kwenye sehemu ya data ruhusu itumie mtandao ikiwa nyuma. Kama simu yako ina programu yake ya kusafisha, ingia humo pia uruhusu daftari kujiwasha lenyewe. Nyingi ya hizo zina orodha yao ya kufunga programu, tofauti na ile ya Android.