Zoezi la moto: andika majina

"Mkubwa ananiomba niandikie wafanyakazi 38 tangazo la zoezi la moto la Alhamisi. Biro iko Lubumbashi, etaji mbili. Niweke nini?"

Ndugu, ukiandika "kila mtu atoke kwa utaratibu", hujampa mtu kazi. Taja majina. Kila etaji iwe na mkaguzi mmoja na wa akiba: anachungulia vyoo na depo, anafunga milango bila kuipiga kufuli ili moshi usisambae, halafu anatoka wa mwisho.

Maneno yawe mafupi:

"Alhamisi, saa 4:00 asubuhi, filimbi ndefu tatu. Acha mfuko, shuka kwa ngazi. Tukutane chini ya mwembe, ng'ambo ya parkingi. Usirudi ndani mpaka mkuu wa zoezi aseme."

Filimbi, kwa sababu kuranti ikikatika kengele ya umeme inaweza kunyamaza. Na si getini: gari la zimamoto litapita hapo.

Kwetu tulitoka kwa dakika 3, lakini kuhesabu kulichukua 9. Daftari la wageni lilibaki mezani, na fundi mmoja aliyekuja kutengeneza klima hakuna aliyemkumbuka. Sasa mlinzi analibeba, na saa tunaisimamisha jina la mwisho likiitika.