Barua kwa mwanangu: kapsheni ya safari yako

"Shikamoo mama. Nimefika salama. Nataka kuposti zile picha Instagram lakini kapsheni inanishinda. Nikiandika furaha naona nimedanganya, nikiandika upweke naona watu watadhani najuta. Niandikeje?"

Marahaba mwanangu. Rasimu uliyonitumia nimeisoma: "Hatimaye! Ndoto imetimia. Ukurasa mpya wa maisha. Nina huzuni kuwaacha lakini najua Mungu ana makusudi. Nawapenda wote." Hakuna uongo humo, ila hata wewe humo sikukuona. Mtu yeyote aliyepanda ndege angeweza kuyaandika hayo. Halafu angalia ile sentensi ya huzuni: umeitaja na papo hapo umeifukuza, kama mgeni aliyekosea mlango. Ndiyo maana unahisi umedanganya.

Miaka niliyokaa dawati la picha gazetini ilinifundisha kwamba maelezo hayarudii kinachoonekana. Picha ya nne inakuonyesha unacheka langoni mwa chuo. Furaha imeshasemwa hapo. Maneno yabebe kile ambacho kamera haikukiona.

Na hicho uliniambia mwenyewe kwenye simu. Ulisema viza ilipokataliwa mara ya kwanza uliificha ile barua. Ulisema huko hakuna anayekuita jina la nyumbani. Ulikwenda kuitafuta maktaba kabla masomo hayajaanza, ukapotea, ukafika. Tena simu yangu ilipoita uliiacha iite kwanza mpaka sauti yako ikae sawa. (Nilijua. Mama hujua.) Nimeyapanga maneno yako hivi:

"Viza ilikataliwa, nikaomba tena. Leo nalala mahali ambapo hakuna anayenijua kwa jina la nyumbani. Jana nilikwenda kuitafuta maktaba, nikapotea, nikafika. Mama alipopiga simu niliiacha iite kidogo, sauti ikae sawa, ndipo nikapokea. Masomo yanaanza Jumatatu. Asanteni mlioniandikia barua za mapendekezo, na mlionisubiria jibu kana kwamba ni lenu."

Hakuna neno upweke wala neno tumaini hapo, na yote mawili yapo. Anayejuta hatafuti maktaba mapema, na asiyekumbuka nyumbani haiachi simu ya mama yake iite. Hakuna atakayedhani unajuta. Badilisha utakavyo, ila usirudishe "hatimaye": sentensi ya viza inatosha kusema ulisubiri.

Sentensi mbili za mwanzo nimezifupisha kwa makusudi. Instagram inakupa nafasi ya herufi 2,200, lakini kwenye mtiririko wa picha msomaji huona takriban 125 tu, kisha maneno yanakatwa mpaka abonyeze kuona zaidi. Salamu na shukrani zikitangulia, ndizo watakazoziona wengi, basi.

Sasa picha. Posti moja ya kutelezesha inakubali hadi picha 20 tangu mwaka 2024, nawe umechagua nane. Ni nyingi kwa kapsheni fupi namna hii. Kumbuka kapsheni ni moja kwa picha zote, kwa hiyo mpangilio wa picha ndio utakaoamua sentensi gani isomwe juu ya picha gani. Ningeanza na chumba chako kitupu, kitanda kikiwa hakijatandikwa, kwa sababu sentensi ya pili inakiongelea. Lango la chuo liwe la pili. Aliyeipita posti yako bila kutelezesha huweza kuletewa tena ikiwa imeanzia picha ya pili, hivyo nayo lazima isimame peke yake. Kumbatio la uwanja wa ndege lifuate, kisha meza yako yenye vitabu. Zile mbili za dirisha la ndege achana nazo. Kila msafiri anazo.

Pasi ya kupandia ndege na ukurasa wa viza usiviweke kabisa, hata ukifunika jina kwa kidole. Ile alama ya kuskani kwenye pasi ina jina lako na namba ya bukingi ndani yake. Kwa mashirika mengi ya ndege, mwenye jina la ukoo na namba hiyo anaweza kuingia kwenye safari yako mtandaoni, nawe tiketi yako ya kurudi bado haijatumika. Na usitaje jina la bweni lako. Wanaokupenda watakuuliza faraghani.

Ile picha yangu ya uwanjani, macho yamefumba na kilemba kimelegea, nimekubali iwepo, mradi ibaki ya tatu. Baba yako ya kwake hajaikubali. Mwulize mwenyewe kabla hujaposti.

Mama yako